Picha za slaidi za mazuku: zote zifanane mkono mmoja, na maandishi yanayoharibika ndani ya mchoro

MwalimuHimbi

Wandugu, hodi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma. Wazazi wameomba tuwaeleze habari za mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, maana kuna familia zimehamia karibuni upande wa barabara ya Sake, na watoto wao wanashuka asubuhi na mapema kucheza kwenye mabonde ya mawe karibu na ziwa. Ninatayarisha slaidi 12. Mchoraji sina. Nina ordinateri, projekta ya kuazima, na programu ya kuchora kwa akili bandia.

Shida ya kwanza: picha 12 zinaonekana kama zimechorwa na watu 12. Moja ni kama rangi za maji za kitabu cha watoto, inayofuata ni kama fotografia, ya tatu ni katuni yenye macho makubwa. Mama wa slaidi ya 2 amevaa kitenge cha maua mekundu, kwenye slaidi ya 3 ni mama mwingine kabisa. Wazazi watadhani ni hadithi za watu tofauti.

Shida ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Slaidi ya 7 ina kibao kwenye ukingo wa shimo. Niliagiza kiandikwe HATARI, chini yake USIPITE. Kibao kikatoka kizuri, mbao zake zinaonekana, herufi zimenyooka. Nilikitazama siku mbili nzima nikipanga slaidi. Jioni ya pili mwanangu wa mwaka wa pili akaketi kando yangu, akaanza kusoma jinsi wanavyofundishwa, silabi kwa silabi: ha-ta-ri. U-pi-te. Akaniuliza, "Mama, ni hatari halafu tupite?"

SI haikuwemo. Iliandikwa UPITE. Mimi mwalimu sikuiona, na ningeionyesha mbele ya wazazi sitini.

Agizo langu lilikuwa hivi (mimi huandika kwa Kifaransa, hapa nimeliweka kwa Kiswahili ili kila mtu asome):

```
picha kwa ajili ya slaidi ya mafunzo kuhusu mazuku Goma,
mama na mtoto karibu na shimo, kibao kimeandikwa
"HATARI" na "USIPITE", mtindo mzuri, rangi za kuvutia
```

Nimekosea wapi?

---

DjoBirere

Mwalimu, hii kazi ni nyepesi. Tafuta mahali palipoandikwa `seed`, weka namba moja, tuseme 1234, na usiibadilishe tena. Kila picha itatoka na mtindo uleule. Mimi ninafanya hivyo tangu mwaka jana.

---

FundiKadutu

Mwalimu, shikamoo. Niko Bukavu. Nilichora kwa mkono miaka mingi kabla ya programu hizi, sasa ninatengeneza slaidi za mafunzo ya afya.

Djo, ndugu yangu, umesema nusu ya kweli. Programu huanza na ukungu wa nukta zilizotapakaa ovyo, kisha inausafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Namba ya `seed` ndiyo inayoamua ukungu huo wa mwanzo. Agizo lilelile, namba ileile, programu ileile na mipangilio ileile, utapata picha ileile au karibu nayo. Ni nzuri unapotaka kubadilisha neno moja uone limeleta nini. Lakini ukibadilisha habari yenyewe, kutoka mama jikoni hadi kijana anayesukuma chukudu ya mbao, namba haishiki mtindo. Huenda ikashika mpangilio, kwa mfano mtu yuko kushoto na kuna doa jeusi kulia. Mtindo unatoka kwenye maneno ya agizo, au kwenye picha unayoipa iige.

Mwalimu, sasa tazama maneno yako. "Mtindo mzuri, rangi za kuvutia." Mchoraji wa kweli ukimwambia hivyo atakuuliza, mzuri namna gani? Programu haiulizi. Inakisia, na kila mara inakisia upya. Ndiyo maana una wachoraji 12.

Mimi ninagawa agizo vipande viwili. Cha kwanza ni mtindo. Ninakiandika mara moja, ninakihifadhi kwenye faili, na kila picha ninakinakili vilevile bila kugusa hata koma. Cha pili ni habari ya picha, na hicho peke yake ndicho kinachobadilika. Kwenye kipande cha mtindo ninasema mambo ambayo mtu angeweza kuyakagua kwa macho: unene wa mstari na rangi yake, rangi ngapi na zipi, kuna kivuli au hakuna, nyuma pana nini, tunatazama tukiwa wapi, na upande gani wa picha unabaki wazi. Kwa slaidi zako ningeanza hivi:

```
mchoro bapa, mistari minene ya kahawia iliyokolea,
rangi tano tu: krimu, kijivu kilichokolea, kijani,
buluu, chungwa; hakuna vivuli; nyuma ni krimu tupu;
tunatazama kutoka mbele, usawa wa macho;
theluthi ya kulia ya picha ni tupu
```

Hiyo theluthi tupu usiiache. Hapo ndipo utaandika maneno yako mwenyewe ndani ya programu ya slaidi.

Ukishapata picha moja uliyoipenda kweli, iite picha mama. Programu nyingi sasa zinakubali kupewa picha ya kuiga mtindo: Midjourney ina `--sref`, na wanaotumia Stable Diffusion wana IP-Adapter. Ipe picha mama kila mara, pamoja na kipande kilekile cha mtindo. Na kila mara urudi kwa picha mama yenyewe, usichukue picha ya 4 kuzalia ya 5, halafu ya 5 kuzalia ya 6. Kila kizazi kinaongeza kosa dogo: rangi inakolea kidogo, mstari unanenepa, uso unabadilika. Ukifika ya 12, umeshahamia kwa mchoraji mwingine bila kujua ulivuka mpaka wapi.

Maandishi nitayarudia jioni, hapa umeme unakatika.

---

MamaKatuba

Mwalimu, pole. Hiyo ya herufi kuharibika mimi niliipata hapa Lubumbashi. Ni fonti. Ordinateri uliyotengenezea ina fonti ambayo ile ya projekta haina, basi herufi zinageuka miraba. Hifadhi slaidi kama PDF na fonti ziwe ndani, itaisha.

---

MwalimuHimbi

Asante mama, lakini kwangu si fonti. Kibao kiko ndani ya mchoro wenyewe. Hakuna herufi ninayoweza kuichagua au kuifuta, ni picha tu.

Papa Fundi, nimefuata ulivyosema, ila nikataka rangi ziwe za hapa kwetu. Badala ya "kijivu kilichokolea" nikaandika "kijivu cha lava", na badala ya "kijani" nikaandika "kijani cha mgomba". Picha zimeanza kufanana sana, nimefurahi. Lakini sasa mgomba uko kila mahali. Uko jikoni nyuma ya sufuria. Uko darasani. Na kwenye picha ya mama amelala na mtoto kuna mlima unatoa moto dirishani.

---

FundiKadutu

Maneno yamevuja, mwalimu. Kwako wewe "mgomba" ni sifa ya kijani. Kwa programu kila neno ni mwaliko. Ukilitaja, linaweza kuja na mwili wake. Ndani ya kipande cha mtindo weka majina ya rangi yanayosimama peke yake, yasiyobeba kitu kingine. Mgomba uutaje kwenye kipande cha habari, siku unapoutaka mgomba.

Na hapa ndipo maandishi yako yanapoingia, maana ni ugonjwa uleule. Uliandika "picha kwa ajili ya slaidi ya mafunzo". Programu imeona slaidi nyingi mno, na inajua slaidi huwa na kichwa juu na mistari ya maneno chini. Basi inachora kichwa na mistari. Maneno kama "bango", "kielelezo" na "mazuku Goma" yanafanya hivyo pia, la mwisho kwa sababu ni jina lisilofahamika kwake, na mara nyingine jina kama hilo linaishia kuchorwa kama herufi. Usiiambie picha ni ya nini. Iambie tu kinachoonekana.

Watu wengi wanaongeza "usiweke maandishi yoyote". Kwenye programu zenye sehemu ya pekee ya vitu visivyotakiwa, au zenye amri kama `--no text`, inasaidia kiasi. Kwenye agizo la kawaida umeshalitaja neno "maandishi", na kutaja ni kualika. Ni bora useme kile unachotaka kiwepo: "kibao cha mbao tupu, kimepakwa rangi ya chungwa yote".

Na ni bora zaidi kuondoa vitu vinavyovuta herufi. Nimeyaona yakirudi kwenye kazi yangu: vibao, magazeti, vitabu vilivyofunguka, mbele ya maduka, chupa na makopo, fulana, namba za gari, skrini ya simu, kalenda, ramani. Kona ya chini kulia nayo itazame kila mara, programu huigiza sahihi ya mchoraji ambaye hayupo.

---

MvuviKituku

Salamu kwenu. Mimi si mtu wa ordinateri, niko ziwani. Nimeufuata uzi kwa sababu ya mazuku. Mwalimu, hiyo gesi umeichora namna gani?

---

MwalimuHimbi

Yaya, imetoka kama moshi wa kijani unaopanda kutoka shimoni.

---

MvuviKituku

Basi hapo pana kosa kubwa kuliko kibao. Mazuku hayana rangi. Hayanuki. Wala hayapandi. Ni gesi ya kaboni dioksidi, CO₂, nzito kuliko hewa, inatulia chini kama maji kwenye bakuli, kwenye mashimo na mabonde ya lava. Usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya, ndipo panapokuwa pabaya zaidi. Mtu mzima anaweza kusimama kichwa kikiwa juu ya gesi, mtoto aliye kando yake kichwa kiko ndani, na mbuzi aliyelala ndiyo kabisa. Sisi tunajua mahali kwa kukuta ndege na wadudu wamekufa.

Ukimwonyesha mzazi moshi wa kijani, atamwambia mtoto, "Ukiona moshi wa kijani, kimbia." Mtoto atangoja moshi ambao hautakuja.

---

FundiKadutu

Ndugu Mvuvi, asante sana. Hilo mimi nisingeliona.

Mwalimu, programu haiwezi kukuchorea kisichoonekana. Ukisema "gesi yenye sumu" itakupa moshi wa kijani kila mara, kwa sababu michoro iliyofundishiwa inaonyesha sumu hivyo. Usiiombe gesi kabisa. Omba bonde la mawe meusi, mama amesimama, mtoto wa miaka minne kando yake. Kisha ndani ya LibreOffice Impress chora wewe mwenyewe umbo lililojaza bonde kutoka chini hadi juu kidogo ya kichwa cha mtoto, ulifanye linapitisha mwanga, pembeni liwe na mstari wa vikatokato. Andika kando yake: "Gesi iko hapa. Haionekani, hainuki." Na CO₂ uiandike mwenyewe hapohapo. Ukiiachia programu, utapata sifuri mahali pa O, au 2 imekaa juu.

Kwa watu wenu kubadilika nguo, usiombe kitenge chenye maua. Maua ya kitenge hayatarudi sawa mara mbili. Mpe mama kitambaa cha kichwa cha chungwa na nguo ya buluu tupu, mtoto fulana ya kijani tupu, na uyaandike kwa maneno yaleyale kila anapotokea. Mzazi aliye mstari wa nyuma atamtambua kwa kitambaa, hata pua ikibadilika kidogo.

---

ChapaNdosho

Samahani, ninaona mnawatisha watu. Mimi ninachapa mabango hapa Ndosho. Programu mpya zinaandika vizuri siku hizi, herufi safi kabisa. Wiki iliyopita nimetoa bango la maneno sita ya Kifaransa, hakuna kosa hata moja. Kwa nini mwalimu ahangaike na visanduku vya maandishi?

---

FundiKadutu

Ndugu, hujakosea kuhusu programu mpya. Zile za zamani zilitoa herufi ambazo si za lugha yoyote, mtu akazikamata kwa mbali. Mpya zinaandika neno fupi vizuri, hasa la Kiingereza au Kifaransa, ambazo zimeyaona mara nyingi sana. Kiswahili zimekiona kidogo, na maneno yetu yanabeba maana kwenye silabi moja tu. Usipite, upite. Hawatakufa, watakufa. Wanaokunywa, wasiokunywa.

Ndiyo maana mimi ninaziogopa zaidi mpya kuliko za zamani. Kosa la zamani lilikuwa baya machoni, likajitangaza. Kosa la kibao cha mwalimu lilikuwa neno halali la Kiswahili, limeandikwa kwa herufi nzuri. Hata programu ya kukagua tahajia isingelalamika.

Na jambo jingine la kazi tu: mwalimu akitaka kesho kubadilisha neno moja, au kuongeza Kifaransa chini yake, kwenye kisanduku ni dakika moja. Ndani ya mchoro ni kuchora upya, na picha mpya inaweza kuja na kosa jipya.

---

ChapaNdosho

Kwa slaidi nimekuelewa. Kwa bango la sherehe bado nitaendelea na njia yangu, mteja anapenda herufi zilizochorwa pamoja na picha. Lakini nitasoma silabi kwa silabi.

---

DjoBirere

Yaya Fundi, sasa mtu anakaguaje picha 12, au 60, bila macho kuchoka? Kuna programu za kusoma maandishi kwenye picha. Kwa nini isifanye yenyewe?

---

FundiKadutu

Ifanye, lakini uijue mipaka yake. Mimi ninatumia tesseract, ambayo ina Kiswahili. Picha zikiwa kwenye folda `picha`:

```
for f in picha/*.png; do
  echo "== $f"
  tesseract "$f" stdout -l swa --psm 11 2>/dev/null
done
```

Hiyo `--psm 11` inaiambia itafute maneno yaliyotawanyika, si ukurasa wa kitabu. Kwa kuwa tumeamua hakuna herufi hata moja ndani ya mchoro, kazi inakuwa rahisi: picha yoyote iliyotoa kitu, ifungue uitazame. Huhitaji kuuliza kama neno ni sahihi.

---

DjoBirere

Nimejaribu kwenye picha zangu nane za zamani. Tatu zimetoa alama kama `|` na `—`, kumbe ni uzio wa mianzi. Lakini moja ina kopo la maziwa lenye michoro kama herufi, na tesseract haikutoa chochote. Tupu kabisa.

---

FundiKadutu

Umefika penyewe. Uzio ni kelele, utauzoea. Kopo ndilo la kuogopa. Chombo hicho kinatafuta herufi zinazofanana na herufi. Zikiwa zimeharibika sana, au ndogo, au zimepinda kuzunguka kopo, zinaweza kukipita kama madoa. Kwa hiyo kikitoa kitu, pana jambo. Kikinyamaza, hujaambiwa kwamba pako safi.

Baada yake ni macho. Ninafungua picha, ninaikuza mara tatu, ninaipitia kwa vipande kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayepalilia mistari. Sitazami picha nzima, kwa sababu picha nzima inanisimulia hadithi na ninaacha kuona. Na palipo na neno lolote ninalolijua tangu mwanzo, simwamini mwenye kuliandika, yaani mimi. Ninampa mtu asiyejua lilitakiwa kuwa nini, alisome kwa sauti. Mwalimu, mwanao alifanya kazi ya mkaguzi. Aliona kwa sababu bado hajajifunza kukisia neno kwa umbo lake.

Kuhusu mtindo nao, njia ya kumkamata mgeni ni kuweka picha zote ukurasa mmoja, ndogondogo:

```
montage picha/*.png -tile 4x -geometry 480x270+6+6 zote.png
```

Hiyo ni ya ImageMagick. Tazama `zote.png` kutoka hatua tatu nyuma. Picha iliyotoroka mtindo itakurukia machoni, jambo usiloliona ukizipitia moja baada ya nyingine. Kisha igeuze iwe kijivu uitazame tena. Rangi zikiondoka utagundua ipi imekolea giza kuliko wenzake.

---

MamaKatuba

Nimerudi. Sasa nimeelewa, kweli nilikuwa ninazungumzia kitu kingine. Na nimeenda kutazama slaidi zangu mwenyewe. Ninafundisha akina mama kutengeneza sharubati, na nina picha ya kikombe cha kupimia, imechorwa na programu hizihizi. Nimeikuza mara tatu. Mistari ya kipimo inapanda 100, 200, 200, 350, 40. Nimeitumia miezi minne. Nilisema "jazeni hadi 200" nikiwaonyesha pale, na 200 ziko mbili.

Je, nifute namba zote niandike zangu?

---

FundiKadutu

Ndiyo mama, na mistari pia. Nafasi kati ya mistari nayo imekisiwa, haijapimwa. Omba kikombe kitupu kisicho na alama, kisha chora mistari na namba ndani ya Impress ukitazama kikombe chako halisi. Namba, rula, mizani na saa za ukutani nimeacha kabisa kuziomba. Saa ukiitaka ya alfajiri, mara nyingi itakuja na mishale ya saa kumi na dakika kumi kwa hesabu ya Kizungu, kwa kuwa ndivyo saa zinavyopigwa picha za kuuzia.

Kama picha unaipenda na kasoro ni ndogo, si lazima uiagize upya. Kwa mchoro bapa usio na vivuli, fungua programu ya GIMP, chagua rangi ya hapohapo kwa chombo cha kuchukua rangi, paka juu ya herufi. Dakika mbili. Hiyo ni faida moja zaidi ya mtindo bapa: unatibika.

---

MvuviKituku

Mimi nina swali kwa wote. Hapa Goma kuna vijana wanaochora vizuri kwa mkono, wanaijua chukudu, wanajua jiwe la lava linakaaje. Kwa nini kazi hii isiende kwao?

---

MwalimuHimbi

Yaya, swali lako ninalibeba moyoni. Chukudu niliijaribu mara sita. Mara nne ilikuja na pedali, mara mbili ikaja na injini. Mwishowe nimeiondoa kwenye slaidi. Kijana wa kuchora nilimtafuta, lakini wazazi wanakuja Jumamosi na mfuko wa kamati hauna kitu.

---

ChapaNdosho

Kuna njia ya katikati. Mlipe kijana picha moja tu, hiyo picha mama. Kisha programu iige mkono wake kwa nyingine 11.

---

MvuviKituku

Kumlipa moja na kuchukua mkono wake kwa 11? Hapo mimi sikubali, labda yeye mwenyewe aambiwe waziwazi na akubali bei.

---

FundiKadutu

Nimechora maisha yangu yote, na nikiulizwa hivyo leo sijui ningejibu nini. Angalau aulizwe kwanza, kama alivyosema ndugu Mvuvi.

---

MwalimuHimbi

Ninaleta habari. Nimeanza upya juzi usiku. Kipande cha mtindo ni kile cha Papa Fundi, rangi tano bila mgomba. Nimetupa picha tisa kabla ya kupata picha mama: mama amesimama mlangoni, kitambaa cha chungwa, mtoto wa fulana ya kijani. Kutoka hapo picha kumi zimekuja ndani ya saa tatu, na kila mara nimerudi kwa ileile.

Kibao cha slaidi ya 7 sasa ni cha chungwa kitupu, na HATARI – USIPITE nimeiandika kwenye kisanduku, Kifaransa chini yake. Bonde nimelijaza mwenyewe kwa umbo la vikatokato, linamfunika mtoto hadi juu ya kichwa, mama linamfika kiunoni. Nilipomwonyesha jirani, alinyamaza, kisha akamwita binti yake aje atazame. Moshi wa kijani sikuwahi kuona ukifanya hivyo.

Tesseract ilitoa kitu kwenye picha mbili. Moja ni ukuta wa mawe, hakuna neno. Nyingine ni sahihi ya uongo kona ya chini kulia, nimeipaka krimu. Kwa macho nimekuta ya tatu ambayo tesseract iliinyamazia: gunia la makaa lenye herufi tatu zisizo herufi.

Iliyobaki ni slaidi ya 9. Inatakiwa ionyeshe alfajiri, watoto wanashuka bondeni jua halijatoka, na saa hiyo ndiyo habari yote ya slaidi. Nikisema "alfajiri" inaleta vivuli, anga la waridi na mwanga wa dhahabu, na mtindo unavunjika. Nikiondoa neno hilo, picha inafanana na mchana. Kwenye ukurasa wa picha zote, ya 9 inaonekana kutoka mlangoni.

---

DjoBirere

Ondoa "alfajiri" na useme nyuma ni buluu badala ya krimu. Rangi ni moja ya zile tano, haitatoka nje ya mtindo.

---

FundiKadutu

Djo amesema vyema, nami ningeanza hapohapo. Ninachohofia ni buluu ile kusomeka kama ziwa, watoto wakaonekana wanaingia majini. Jaribu kuweka jogoo juu ya ukuta na taa ya mafuta mkononi mwa mtoto mkubwa, ila taa isiwe na mwanga unaotapakaa. Ikigoma, tuma picha ya 9 pamoja na picha mama. Nitazifungua kesho jioni umeme ukirudi.

---

MvuviKituku

Mtoto hashuki bondeni na taa, mwalimu. Anashuka na kidumu cha maji. Weka kidumu.